Picha za Video Katika Tovuti ya Chama: Uzito Wake, Manukuu Yake na Mahali pa Kuziweka

(Maelezo ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Na uchukuliwe mfano wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, chenye wanachama mia tatu. Chama hicho kimetengeneza picha ya video ya dakika sita, kuonyesha namna ya kuchuma kahawa iliyoiva, kuimenya siku ileile, kuiosha na kuianika. Mtaalamu wa kilimo ndiye anayeeleza, na mjumbe mmoja wa kamati ndiye aliyepiga picha kwa simu yake ya mkononi. Katibu anaipokea na kuiweka katika tovuti ya chama kama ilivyotoka katika simu. Juma haliishi, tovuti nzima inafungwa. Mwanachama anayetaka kusoma bei ya malipo ya awali anakuta maneno haya tu: Bandwidth Limit Exceeded, yaani kiasi cha taarifa kilichoruhusiwa kutoka kwa mwezi huo kimekwisha. Wale waliowahi kuitazama nao hawana furaha. Mwenye bando la megabaiti 500 limemwishia kabla picha haijafika dakika ya nne, na somo la kuosha kahawa, ambalo ndilo lililoharibu daraja la kahawa ya chama msimu uliopita, liko katika dakika ya tano.

Wengi husema katika hali kama hiyo kwamba mtandao ni mbovu, au kwamba kampuni inayohifadhi tovuti imekihadaa chama. Huenda ikawa hivyo mahali pengine, lakini hapa hesabu yenyewe inatoa jibu, nayo ni hesabu ambayo katibu yeyote aliyezoea kukokotoa kilo na senti aweza kuifanya nyuma ya bahasha.

Uzito wa picha ya video hautokani na idadi ya watu wanaoonekana ndani yake, wala na uzuri wake. Unatokana na mambo mawili: muda wake, na kiasi cha taarifa kinachotumika kwa kila sekunde. Kiasi hicho cha pili huitwa kiwango cha biti. Simu nyingi za siku hizi, zikipiga picha ya upana wa pikseli 1920 na kimo cha pikseli 1080, hutumia karibu megabiti 17 kwa sekunde. Dakika sita ni sekunde 360. Zidisha 17 kwa 360, utapata megabiti 6,120. Biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo gawanya kwa nane, nayo ni megabaiti 765. Hiyo ndiyo gharama ya mwanachama mmoja kutazama mara moja. Ikiwa chama kimelipia gigabaiti 20 za kutoka kwa mwezi, basi watazamaji 26 wanatosha kuzimaliza. Wanachama wote mia tatu wangehitaji karibu gigabaiti 230.

Simu hufanya hivyo kwa sababu haina nafasi ya kutafakari. Inapaswa kuandika picha zipatazo thelathini kila sekunde, papo hapo, bila kumchosha mwenye betri, basi inatumia taarifa nyingi ili isiharibu kitu. Kompyuta, kwa upande wake, haina haraka. Inaweza kuitazama kila picha, kuilinganisha na iliyotangulia na inayofuata, kisha ikaandika tu kile kilichobadilika. Ukuta wa ghala uliosimama nyuma ya msemaji hauna haja ya kuandikwa mara thelathini kwa sekunde. Unaandikwa mara moja, na baadaye inatajwa tu kwamba uko palepale. Huko ndiko kuibana picha ya video, na ndiko pa kuokolea megabaiti.

Kutokana na hilo inafuata kwamba kazi ya kupunguza uzito huanza shambani, kabla ya kompyuta kufunguliwa. Kamera inayotikisika mkononi inabadilisha kila kitu katika kila picha, hata ukuta usiosogea, na hivyo inainyima kompyuta nafasi ya kuokoa. Simu iliyofungwa juu ya kigogo au juu ya kiti itatoa picha inayobanika vizuri zaidi kuliko ile iliyoshikwa na kijana hodari kuliko wote. Majani yanayopepea na maji yanayotiririka ndiyo magumu kuliko yote, kwa kuwa hakuna sehemu yake inayofanana na ilivyokuwa kitambo kidogo nyuma. Na bahati mbaya, kahawa huoshwa kwa maji. Kwa hiyo mpiga picha anayejua kazi atausogelea mkono wa mwoshaji mpaka uijaze picha, badala ya kuonyesha mfereji mzima unaometameta juani. Simu na ilazwe ubavu, ili picha iwe pana. Ile iliyopigwa kwa kusimamisha simu itabaki ukanda mwembamba ikionyeshwa katika kompyuta ya ofisi.

Sasa kompyuta. Programu iitwayo FFmpeg haina malipo, hufanya kazi katika kompyuta za aina zote, na amri moja inatosha kwa kazi hii:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf scale=-2:480 \
  -c:v libx264 -preset slow -crf 26 \
  -maxrate 500k -bufsize 1000k -pix_fmt yuv420p \
  -c:a aac -b:a 64k -ac 1 \
  -movflags +faststart kumenya-480.mp4
```

Mikwaju ya nyuma ilioko mwishoni mwa mistari ni ya kuikata amri ndefu, nayo inafaa katika Linux na Mac; katika Windows amri yote na iandikwe katika mstari mmoja, bila mikwaju hiyo. Maana yake si ngumu. Kimo cha picha kinashushwa kuwa pikseli 480, na upana unajirekebisha wenyewe. Neno libx264 linaagiza picha iandikwe kwa utaratibu uitwao H.264, ambao takriban kila simu na kila kivinjari kinaufahamu. Hili si jambo dogo, maana simu mpya nyingi huandika kwa utaratibu mwingine uitwao HEVC, na mtazamaji ambaye kifaa chake hakiufahamu husikia sauti huku akitazama weusi mtupu. Namba 26 ni kipimo cha ubora, na inashangaza kidogo, kwani namba ikikua ubora hushuka na uzito hupungua. Sehemu isemayo 500k inaweka dari: picha isizidi wastani wa kilobiti 500 kwa sekunde hata maji yakitiririka namna gani. Sauti inapewa kilobiti 64 katika mkondo mmoja, na kwa maneno ya mtu mmoja anayeeleza, hizo ni tele.

Hesabu ileile irudiwe. Kilobiti 564 kwa sekunde mara sekunde 360, kugawanya kwa nane, ni kilobaiti 25,380, yaani megabaiti 25 hivi. Kutoka 765 hadi 25. Zile gigabaiti 20 za mwezi sasa zinatosha kutazamwa karibu mara 800, na mwenye bando la megabaiti 500 aweza kulitazama somo mara kumi, na bado akabakiwa na nusu ya bando kwa mambo yake.

Kuna watu ambao wataona kimo cha 480 ni kuidunisha kazi nzuri. Hoja hiyo ina uzito kwa picha zitakazoonyeshwa ukutani siku ya mkutano mkuu. Kwa hizo na iwekwe faili nyingine ya kimo cha 720, yenye dari ya kilobiti 1,000, ambayo itafika megabaiti 48, nayo ichukuliwe katika kijiti cha kumbukumbu badala ya kuvutwa mtandaoni. Lakini mwanachama anatazama katika kioo kisichozidi kiganja, na katika kioo hicho tofauti ya 480 na 1080 haionekani sana, ila katika bando. Jambo moja tu la kuangaliwa ni maandishi madogo yaliyomo ndani ya picha yenyewe, kama kibao cha mizani au lebo ya gunia. Yasiposomeka, dawa yake ni kuyapiga kwa karibu.

Asiyependa kuandika amri aweza kutumia programu ya HandBrake, ambayo ina mpangilio uliokwisha tayarishwa uitwao Fast 480p30. Ndani yake kuna kisanduku kilichoandikwa Web Optimized, na kisanduku hicho lazima kitiwe alama. Kazi yake ni ileile ya neno +faststart lililo mwishoni mwa ile amri, nayo inastahili kuelezwa kwa kituo, maana ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Kila faili ya MP4 ina faharasa, yaani orodha inayoeleza kila picha iko wapi ndani ya faili. Kivinjari hakiwezi kuonyesha hata picha ya kwanza kabla hakijaisoma faharasa hiyo. Lakini kifaa kinachorekodi hakijui yaliyomo mpaka kurekodi kuishe, basi kinaiandika mwishoni, kama karani anayejumlisha daftari la mapokezi jioni baada ya mkulima wa mwisho kupima. Faili ya namna hiyo ikiwekwa mtandaoni, kivinjari kinaanza kuisoma, hakikuti faharasa, na kinalazimika kuitafuta mwishoni. Na palipo na seva isiyokubali kutoa kipande kimoja kimoja, kinaivuta faili yote kwanza. Dalili yake ni hii: mtazamaji anabonyeza, duara linazunguka muda mrefu, kisha picha inaanza kwa ghafla na kwenda bila kusita. Mtandao mbovu una dalili nyingine, kwani huanza mapema na kukwama njiani. Neno +faststart huihamisha faharasa ikae mwanzoni. Na faili iliyokwisha banwa zamani bila neno hilo haina haja ya kubanwa upya; hii yatosha, nayo huisha kwa sekunde chache na haigusi ubora:

```
ffmpeg -i zamani.mp4 -c copy -movflags +faststart mpya.mp4
```

Lile la seva kutoa vipande nalo hupimwa. Amri ifuatayo inaomba baiti mia za kwanza tu, na anwani iliyomo ibadilishwe iwe ya chama:

```
curl -s -D - -o kipande.mp4 -r 0-99 https://example.org/kumenya-480.mp4
```

Namba 206 ikionekana katika mstari wa kwanza wa jibu, na faili ya kipande ikawa na baiti mia, seva ni nzuri. Ikija namba 200 na faili nzima ikashuka, seva haikati vipande. Simu za iPhone aghalabu zitakataa kabisa kuonyesha picha hiyo, na mtazamaji mwenye simu yoyote hataweza kuruka moja kwa moja hadi dakika ya tano. Hapo katibu na aiandikie kampuni inayohifadhi tovuti, akiitajia namba hizo mbili. Barua inayotaja namba hujibiwa upesi kuliko inayosema tu kwamba video haichezi.

Kisha picha iwekwe katika ukurasa. Maneno yenyewe ni haya:

```
<video controls playsinline preload="none"
       poster="kumenya.jpg" width="854" height="480"
       style="max-width:100%;height:auto">
  <source src="kumenya-480.mp4" type="video/mp4">
  <track kind="captions" src="kumenya-sw.vtt"
         srclang="sw" label="Kiswahili" default>
</video>
<p>Kumenya na kuosha kahawa: dakika 6, megabaiti 25.</p>
```

Sehemu muhimu kwa mfuko wa mwanachama ni preload="none". Inakiambia kivinjari kisivute chochote katika picha ya video mpaka mtu mwenyewe abonyeze. Vikiachwa bila kuambiwa, baadhi ya vivinjari huanza kuvuta mapema, na aliyekuja kusoma tarehe ya mkutano anatozwa kwa picha asiyoihitaji. Kwa sababu hiyohiyo picha isiachiwe kujianzisha yenyewe. Badala ya weusi, mahali pake huonekana picha moja ya mnato, iliyotajwa kwa neno poster, nayo na iwe ya kilobaiti chini ya 60. Upana na kimo vimetajwa ili ukurasa usirukeruke unapofunguka. Na ule mstari wa mwisho unaotaja dakika na megabaiti si kanuni ya kompyuta, ni heshima tu: mtu anaonyeshwa bei kabla ya kununua.

Yamebaki manukuu, na hapa ndipo picha nyingi za mafunzo zinapopungukiwa. Manukuu ni maandishi yaendayo chini ya picha kwa kufuata muda wa maneno yanayosemwa. Wapo wanaodhani kwamba ni ya viziwi peke yao. Kwao ni lazima, hilo halina mjadala. Lakini mwanachama anayetazama karibu na mashine ya kumenya haisikii simu yake, anayetazama ndani ya basi amezima sauti ili asiwakere abiria, na mzee ambaye sikio limepungua nguvu hatakiri mbele ya watu kwamba hakusikia. Hao wote wanahitaji kusoma.

Picha ya mfano huu ina sababu moja zaidi. Katika dakika ya nne na sekunde arobaini, mtaalamu anamwaga maji, anachukua kahawa kiganjani, anaisugua na kunyamaza. Kahawa iliyokwisha toka utelezi hukwaruza na kutoa sauti kama ya changarawe. Ile ambayo utelezi bado umeikamata huteleza kimya. Muda wa kuvundika hauwezi kutajwa kwa saa moja iliyo sawa kwa wote, kwa sababu hutegemea baridi ya mahali na kimo chake, ndiyo maana alama ni hiyo ya kukwaruza. Somo zima la dakika sita limebebwa na sauti ya sekunde nne, na wakati huo hakuna neno linalotamkwa. Mwandishi wa manukuu anayeandika maneno yaliyosemwa tu ataiacha sehemu hiyo tupu, na asiyesikia ataona mtu anasugua mikono. Manukuu yaliyo kamili huandika pia sauti yenye maana, ndani ya mabano ya mraba:

```
WEBVTT

00:04:35.000 --> 00:04:39.500
Mwaga maji, kisha sugua
kahawa kiganjani.

00:04:40.000 --> 00:04:44.000
[Kahawa inakwaruza
kama changarawe]
```

Hiyo ndiyo faili ya manukuu, na huandikwa kwa programu yoyote ya maandishi matupu. Neno WEBVTT lazima liwe la kwanza kabisa katika faili, na mstari mtupu ulifuate. Kila kipande kina muda wa kuanza na wa kuisha, na maandishi yasiyozidi mistari miwili ya herufi arobaini hivi. Kipande kikae angalau sekunde moja, na kisizidi saba. Pale ambapo msemaji anakwenda mbio, ni afadhali maneno yasiyo na kazi yaachwe kuliko msomaji kukimbizwa. Lakini namba na vipimo visiachwe hata kimoja, wala visibadilishwe. Iandikwe kwa kusikiliza kipande, kusimamisha, kuandika, na kurudia. Dakika sita zitachukua asubuhi nzima kwa asiyezoea, na mtaalamu aliyesema naye aisome kabla haijawekwa.

Makosa yake yanajulikana. Manukuu yasipotokea kabisa, kwanza liangaliwe jina la faili, kwani programu za Windows hupenda kuongeza mkia wa .txt bila kuuonyesha, faili ikawa kumenya-sw.vtt.txt, na kivinjari kinaitafuta bila kuiona. Pili iangaliwe alama kati ya sekunde na sehemu zake: manukuu yaliyohamishwa kutoka utaratibu wa zamani wa SRT yana mkato, na WebVTT hutaka nukta, basi kila kipande chenye mkato hurukwa kimyakimya bila onyo. Tatu, ukurasa unaofunguliwa moja kwa moja kutoka katika kijiti cha kumbukumbu kwa kawaida hauonyeshi manukuu, hata yakiwa sahihi. Yajaribiwe yakiwa tayari katika seva. Na ikiwa yanatokea lakini neno ng'oa linaonekana na kialama cha ajabu baada ya ng, basi faili haikuhifadhiwa kwa utaratibu wa UTF-8. Kialama kile cha juu, kikipindwa na programu ya barua, ndicho kinachovunjika. Ihifadhiwe upya kwa kuchagua UTF-8, na kosa litaondoka.

Wengine huyachoma manukuu ndani ya picha yenyewe, yasiweze kuondolewa. Yanaonekana kila mahali, ni kweli, na kwa picha inayosambazwa kwa WhatsApp hakuna njia iliyo rahisi zaidi. Lakini hayawezi kusahihishwa bila kuibana picha upya, hayawezi kukuzwa kwa mwenye macho dhaifu, na mtu hawezi kuchagua lugha. Katika tovuti, faili ya pembeni ni bora. Bei ya mbolea ikibadilika, au mtaalamu akigundua kwamba kipimo kimeandikwa vibaya, mstari mmoja unarekebishwa na kazi imekwisha.

Hapana budi kujibu pia swali linaloulizwa kila mara: kwa nini picha isiwekwe YouTube, ambako kuhifadhi ni bure, ikapachikwa tu katika ukurasa wa chama? Kwa picha ya kutangaza kahawa kwa wanunuzi wa ng'ambo, hakuna ubaya, na pengine ndiyo njia iliyo nzuri kuliko zote. YouTube hutengeneza faili za ukubwa mbalimbali kutoka katika moja, na kumpa kila mtazamaji inayolingana na mtandao wake. Mnunuzi aliyeko Ujerumani au Japani ataletewa picha kali, na kwa gharama ya wengine. Huko ndiko pa kupeleka faili kubwa ya asili bila kuibana sana, kwa sababu itabanwa tena huko huko. Faili ya manukuu nayo hupokelewa. Kupachika ni hivi:

```
<iframe title="Kahawa ya chama" loading="lazy"
  width="560" height="315" allowfullscreen
  src="https://www.youtube-nocookie.com/embed/KITAMBULISHO?rel=0&amp;cc_load_policy=1">
</iframe>
```

Neno KITAMBULISHO huondolewa na badala yake huwekwa herufi kumi na moja za picha husika. Sehemu ya cc_load_policy=1 huyawasha manukuu tangu mwanzo, na loading="lazy" huzuia kisanduku kisivutwe mpaka msomaji akikaribie. Neno rel=0 lilikuwa likizuia picha nyingine zisipendekezwe mwishoni; tangu 2018 halizizuii tena, ila linaelekeza zitokane na akaunti ileile.

Kwa mafunzo ya wanachama, mizani inaegemea upande mwingine. Kisanduku cha YouTube huvuta programu zake hata kabla mtu hajabonyeza, na ni mzigo wa mamia ya kilobaiti. Tena, tangu 2020 nchini Marekani na 2021 kwingineko, YouTube imejiruhusu kuweka matangazo katika picha za wenye akaunti wasio na mkataba wa kugawana mapato, nao hawapati kitu. Mkulima anaweza kulipia kwa bando lake tangazo la dawa ambayo chama hakiipendekezi, kisha akadhani chama ndicho kilichoileta. Picha ya megabaiti 25 haina sababu ya kupelekwa huko. Itapelekwa siku ambayo chama kitakuwa na masomo hamsini na watazamaji maelfu, pale ambapo gigabaiti za kulipia zitapita uwezo wa mfuko, na hata hapo zipo kampuni za kuhifadhi video kwa ada ambazo hazitii matangazo; mkataba usainiwe baada ya kufanya hesabu ileile ya sekunde, kilobiti na idadi ya watazamaji.

Kabla ya kuwatangazia wanachama, picha ijaribiwe katika simu ya bei ndogo kuliko zote zilizopo ofisini, kwa bando na si kwa mtandao wa ofisi. Salio la megabaiti lisomwe kabla na liandikwe. Ukurasa ufunguliwe, dakika mbili zipite bila kubonyeza, na salio lisomwe tena. Likiwa limepungua kwa megabaiti kadhaa, ile preload haikuandikwa sawasawa. Kisha picha ibonyezwe, iruke hadi dakika ya nne na nusu, sauti izimwe, na mtu ambaye hajawahi kuosha kahawa aulizwe ni kwa alama gani atajua kwamba utelezi umekwisha.